Mada ya barua pepe inayofunguliwa na kufanyiwa kazi siku hiyohiyo

Mkurugenzi wa fedha yuko Kigali kwa kikao cha siku tatu. Ofisini Dar es Salaam kuna kontena la vipuri vya mitambo limekaa bandarini, makadirio ya ushuru yameshatoka, namba ya malipo iko mkononi mwa wakala wa forodha, na kilichobaki ni idhini yake tu. Ofisa manunuzi anamwandikia barua pepe. Kwenye simu ya mkurugenzi, barua hiyo inaingia katikati ya nyingine kadhaa: taarifa za benki, mwaliko wa semina, majibu ya watu walionakiliwa tu. Ataipitia orodha hiyo kwa kidole gumba akiwa kwenye korido, na hapo ndipo atakapoamua ipi afungue sasa na ipi ingoje usiku.

Uamuzi huo anaufanya kwa kuangalia vitu vitatu: jina la mtumaji, mada, na maneno machache ya mwanzo wa barua. Jina huwezi kulibadilisha. Mwongozo huu unahusu hivyo viwili vilivyobaki, na nitalifuata kontena hilo hilo kuanzia mwanzo hadi litoke getini.

Hatua ya 1: Amua unataka afanye nini, na mwisho wake ni lini kwake yeye

Kabla hujagusa sehemu ya mada, jibu swali moja kwa sentensi moja: akishamaliza kusoma, atafanya nini, na mwisho lini? Kama huwezi kulijibu, barua bado haijaiva. Kama jibu lina vitendo viwili visivyohusiana, kwa mfano aidhinishe ushuru na pia apitie orodha ya wazabuni wa mwaka ujao, hizo ni barua mbili. Ukizifunga pamoja, atafanya kile chepesi, atajibu "sawa", na wewe hutajua sawa ya lipi.

Sehemu ya "lini" ndiyo inayokosewa zaidi, kwa sababu watu wengi huandika tarehe ya hasara badala ya tarehe ya msomaji. Kwa kontena letu, storeji, yaani tozo ya mzigo kukaa bandarini, inaanza kuhesabiwa Jumamosi tarehe 14 Juni. Ukiandika "storeji inaanza Jumamosi", mkurugenzi ataona ana muda hadi Ijumaa jioni. Hana. Rudi nyuma hatua kwa hatua. Ili kontena lisilale bandarini Jumamosi, lori lilitoe Ijumaa. Ili lori liingie Ijumaa, wakala awe na karatasi za kuruhusu mzigo Alhamisi mchana. Ili azipate, malipo ya ushuru yawe yamesomeka Alhamisi asubuhi. Ili yasomeke asubuhi, mhasibu ayaingize benki Jumatano kabla haijafungwa. Na mhasibu hagusi fedha bila idhini. Kwa hiyo mwisho wa mkurugenzi ni Jumatano tarehe 11, saa 9 alasiri. Hiyo ndiyo tarehe inayokaa kwenye mada. Jumamosi inabaki kuwa sababu.

Hesabu hii ifanye kwenye karatasi kila mara, hata kwa jambo dogo. Anayeidhinisha haijui minyororo ya chini yake. Anayeijua ni wewe.

Hatua ya 2: Anza na jina la kitendo

Neno la kwanza la mada limwambie msomaji kazi yake ni ipi. Hapa wengi wetu tunakwama kwenye adabu. Kumwandikia mkurugenzi "Idhinisha" kama unamtuma dukani hakukubaliki, na ni sawa kukwepa. Lakini tunakwepa kwa kuzunguka: "Maombi ya kuidhinishiwa", "Naomba kuwasilisha kwako", "Tafadhali rejea mazungumzo yetu". Maneno hayo yana heshima, ila yanakula nafasi yote ya mbele.

Njia rahisi ni kutumia nomino. "Idhini ya ushuru" haimwamrishi mtu, na papo hapo inasema kinachotakiwa. Vivyo hivyo:

Saini yako: mkataba wa usafi, mwisho Ijumaa 20/6

Jibu lako: bei mpya ya saruji, ndiyo au hapana, mwisho Jumatatu 16/6

Maoni yako: rasimu ya bajeti ya robo ya pili, mwisho Alhamisi 19/6

Kwa taarifa tu: ofisi itafungwa Jumatatu 23/6

Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote, na ndilo linaloandikwa kwa nadra. Mtu akizoea kwamba barua zako zisizohitaji kitendo zinajitambulisha hivyo, zile zinazohitaji kitendo ataziamini. Ofisi ambayo kila barua inaonekana kudai jambo humfundisha bosi kutoijibu yoyote haraka.

Heshima haipotei, inahamia ndani ya barua, kwenye shikamoo na kwenye namna unavyoomba. Mada ni lebo ya jalada, na jalada halisalimii.

Hatua ya 3: Weka yote ya lazima ndani ya herufi 40

Kompyuta inaweza kuonesha mada ndefu. Simu iliyoshikwa wima huikata mapema, na mahali pa kukata panategemea upana wa skrini, ukubwa wa maandishi na programu yenyewe. Mimi hujiwekea mpaka wa herufi 40, nafasi na alama zikiwemo. Mtu mwenye maandishi makubwa kwenye simu ataona pungufu ya hapo, kwa hiyo hata ndani ya 40 kilicho muhimu zaidi kianze.

Sasa tazama mada aliyoiandika ofisa wetu mara ya kwanza. Aliiandika kama tunavyofundishwa kuandika barua rasmi, yenye Yah na herufi kubwa:

YAH: MAOMBI YA KUIDHINISHIWA MALIPO YA USHURU WA FORODHA KWA AJILI YA KONTENA LA VIPURI VYA MITAMBO

Kata kwenye herufi ya 40. Kinachobaki ni hiki:

YAH: MAOMBI YA KUIDHINISHIWA MALIPO YA U

Malipo ya nini? Umeme? Ulinzi? Usafiri? Na kwa herufi kubwa hali ni mbaya zaidi, maana ni pana kuliko ndogo, hivyo simu itaonesha chache zaidi. Kwenye barua ya karatasi mtindo huu una kazi yake: kichwa kinasimama peke yake katikati ya ukurasa, msomaji ameshaifungua bahasha, na masijala inahitaji maelezo kamili ili iweke barua kwenye jalada sahihi. Kama ofisi yako inataka barua rasmi, iandike hivyo kwenye kiambatisho chenye nembo na kumbukumbu namba. Mada ya barua pepe inayobeba kiambatisho hicho iandikwe kwa ajili ya mtu aliye kwenye korido. Kenya wanaoandika Kuh. badala ya Yah. wapo kwenye hali hiyo hiyo.

Ondoa kwanza maneno yasiyomsaidia mtu kuamua: Yah, maombi ya, kwa ajili ya, kuhusiana na suala la. Kisha panga upya: kitendo, mwisho wake, halafu jambo lenyewe kwa undani, na mwishoni sababu ya haraka.

Idhini ya ushuru, mwisho Jumatano 11/6: kontena la vipuri, storeji yaanza Jumamosi

Kipande cha hadi nukta pacha, "Idhini ya ushuru, mwisho Jumatano 11/6:", kina herufi 39. Hata mkurugenzi asipoona zaidi ya hapo, anajua kitendo, jambo na siku. Akiwa kwenye kompyuta ya hoteli, anapata pia kontena lipi na kwa nini si wiki ijayo.

Kama kuna makontena mawili yanayosubiri kwa pamoja, "kontena la vipuri" halitoshi. Ongeza tarakimu nne za mwisho za namba ya kontena, au namba ya faili mnayoitumia ofisini. Namba nzima iweke ndani ya barua, ambako mhasibu ataweza kuinakili.

Hatua ya 4: Andika wakati usiosomeka kwa namna mbili

Hapa Kiswahili chetu kina mitego yake, na inafaa kuijua.

Wa kwanza ni "kabla ya Jumatano". Wewe ulikusudia Jumatano jioni. Mwingine ataelewa mwisho ni Jumanne, na mwingine ataelewa Jumatano yenyewe imo. "Mpaka Jumatano" nayo ina shaka hiyo hiyo. Neno "mwisho" linaondoa shaka: mwisho Jumatano maana yake Jumatano imo, Alhamisi haimo.

Wa pili ni "leo" na "kesho". Barua iliyotumwa saa 5 usiku ikisema "idhini inahitajika kesho" itasomwa asubuhi, na kesho imeshahama siku moja. Andika jina la siku na tarehe. Viwili hivyo vinalindana: ukikosea tarehe, jina la siku litamfanya msomaji aulize. Pia kuna wenzetu waliozoea kutanguliza mwezi, hasa walioko Marekani, ambao 11/6 wataisoma kuwa tarehe 6 Novemba, "Jumatano" inawazuia.

Wa tatu ni saa. Saa 10 kwetu ni jioni, tena mtu hana wasiwasi nayo akizungumza na jirani. Lakini barua yako ikimfikia mtu anayehesabu saa za kwenye simu yake, ataiona 10:00, yaani saa 4 asubuhi. Unapoandika saa, taja na sehemu ya siku: saa 10 jioni. Kama barua inavuka mpaka wa nchi au inakwenda kwa watu mchanganyiko, andika 16:00 na useme ni saa za wapi. Kigali na Bujumbura wako nyuma ya Dar kwa saa moja, Lubumbashi vilevile. Saa 9 alasiri ya Dar ni saa 8 mchana kwa mkurugenzi wetu, na huenda huo ndio muda anaorudi kikaoni baada ya chakula.

Saa si lazima iwemo kwenye mada. Kwa kawaida siku inatosha, na saa inakaa kwenye mstari wa kwanza wa barua. Iweke kwenye mada pale tu jambo linapoisha ndani ya siku ileile inayotumwa.

Hatua ya 5: Onesha uharaka kwa kutaja sababu

HARAKA, MUHIMU SANA, alama tatu za mshangao: vyote hivi vinasema tu kwamba mtumaji ana wasiwasi. Havisemi kitatokea nini. "Storeji yaanza Jumamosi" inasema, na msomaji anapima mwenyewe. Mfano mwingine: "bima ya lori yaisha Jumapili", "zabuni yafungwa Ijumaa saa 4 asubuhi". Maneno machache ya tukio halisi yana nguvu kuliko neno haraka kwa herufi kubwa.

Kuna sababu nyingine ya kuacha kelele, na kwenye mambo ya fedha ni nzito. Matapeli wanaojifanya wakurugenzi au wazabuni hutumia mada za aina hiyo: malipo ya dharura, lipa sasa, siri. Mtu wa fedha aliyefundwa vizuri akiona "HARAKA!!! MALIPO" anapaswa kushtuka. Barua yako halali ikivaa sura ya utapeli, ama itacheleweshwa kwa uhakiki, ama, vibaya zaidi, itamzoesha mhasibu kulipa barua za sura hiyo. Mada inayotaja kontena analolijua na tarehe anayoitegemea ni ngumu kwa mtu wa nje kuibuni. Hata hivyo akaunti ya kulipia ikibadilika, apige simu kwa namba ya zamani anayoijua. Mada nzuri si uthibitisho.

Outlook ina kitufe cha `High Importance` kinachoweka alama nyekundu ya mshangao. Kitumie ukipenda, ila usikitegemee, kwa sababu programu nyingine haziioneshi alama hiyo. Neno lililo kwenye mada huonekana kokote.

Na jambo likibakiza saa moja au mbili, barua pepe si njia. Piga simu. Kisha tuma barua kwa ajili ya kumbukumbu, na mada iseme hivyo: "Idhini uliyotoa kwa simu leo Jumatano 11/6: ushuru wa kontena la vipuri". Hapo "leo" haina madhara, tarehe iko pembeni yake.

Neno moja juu ya usiri. Mada hutokea kwenye skrini ya simu hata ikiwa imefungwa, na huonekana na aliyeketi jirani. Mshahara wa mtu, ugonjwa wake, shauri lake la nidhamu au nywila havikai hapo. Andika "Saini yako: barua ya utumishi, mwisho Jumanne 17/6", na jina likae ndani.

Hatua ya 6: Mstari wa kwanza uendeleze mada

Programu nyingi za barua pepe huonesha, chini au pembeni ya mada, maneno ya mwanzo ya barua. Ofisa wetu aliandika: "Shikamoo Mkurugenzi, natumaini u mzima wa afya na unaendelea vyema na majukumu ya kila siku. Lengo la barua hii..." Nafasi imeisha na hakuna kilichosemwa. Usiiondoe shikamoo, ondoa kinachoifuata:

Shikamoo Mkurugenzi. Naomba idhini ya kulipa ushuru wa sh 18,400,000, mwisho Jumatano saa 9 alasiri ya Dar (saa 8 mchana Kigali). Ukijibu "Naidhinisha", mhasibu analipa siku hiyohiyo.

Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa. Inampa jibu la neno moja analoweza kuliandika akiwa amesimama. Makadirio ya ushuru, namba ya kontena na ankara viambatishwe, na mhasibu anakiliwe ili jibu limfikie bila wewe kuwa katikati.

Kabla ya kutuma, jitumie mwenyewe na uitazame kwenye simu, bila kuifungua. Funika jina lako kwa kidole. Kama unachokiona hakitoshi kumfanya mtu asiyekufahamu ajue la kufanya, rudi hatua ya tatu.

Hatua ya 7: Itunze mada hadi jambo liishe

Jumanne jioni jibu halijaja. Ofisa ana njia mbili: kuandika barua mpya yenye mada "UKUMBUSHO", au kujibu juu ya ile ile aliyoituma. Ajibu juu ya ile ile. Gmail hupanga barua za mazungumzo pamoja kwa kufuata mada miongoni mwa vitu vingine, na ukiibadilisha inaanzisha mazungumzo mapya. Ukumbusho wenye mada mpya utafika peke yake, bila makadirio wala maelezo, na mkurugenzi atalazimika kuitafuta ya kwanza. Mada ibaki, mstari wa kwanza ndio ubadilike: "Shikamoo Mkurugenzi. Nakumbusha idhini ya ushuru. Mwisho ni kesho Jumatano 11/6 saa 9 alasiri ya Dar."

Mada ibadilike pale jambo lenyewe linapobadilika. Tuseme wakala ametuma makadirio mapya na kiasi si kile tena. Kujibu juu ya barua ya zamani ni hatari, kwa sababu "Naidhinisha" itakayofuata haitajulikana ni ya kiasi kipi. Anzisha mpya: "Idhini MPYA ya ushuru, mwisho Jumatano 11/6: kiasi kimebadilika, kontena la vipuri". Kisha kwenye barua ya zamani jibu kwa mstari mmoja kwamba isifanyiwe kazi. Vilevile usikubali barua ya kontena igeuke kuwa mazungumzo ya bajeti ya gari chini ya mada ya ushuru. Miezi sita baadaye mkaguzi akiuliza nani aliidhinisha gari, hakuna atakayeitafuta humo.

Ukiforwadi barua kwa mtu mwingine, safisha mada. "FW: RE: RE: FW: Kontena" haimwambii kitu. Huyo mpya ana kitendo chake na mwisho wake. Mhasibu akipelekewa idhini, mada yake ni "Malipo ya ushuru, mwisho Jumatano 11/6 saa 10 jioni: kontena la vipuri, idhini imo", na ndani anakuta jibu la mkurugenzi pamoja na namba ya malipo. Wakala akipelekewa risiti Alhamisi, mada yake ni "Ushuru umelipwa: kontena la vipuri, litoke Ijumaa 13/6".

Na kontena likishatoka getini, ofisa ajibu juu ya barua ya kwanza, kwa wote waliomo: "Kwa taarifa tu: kontena limetoka Ijumaa 13/6 saa 8 mchana, hakuna storeji." Mkurugenzi atayaona hayo maneno chini ya mada bila kufungua, na ataifuta barua hiyo kwenye orodha ya mambo anayoyafikiria akiwa njiani kurudi Dar.